Ripoti niliyoiandika mara mbili

(Maneno ya fundi mmoja wa Langoni, Lamu, katika kikao cha mafundi seremala)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa juu ya mbao huko nyuma, nashukuru kwa kuniita. Mwenyekiti aliniambia nizungumzie usalama wa mashine. Nimemwambia hilo siliwezi, ni pana mno. Nitazungumzia karatasi moja tu, ripoti ya ajali iliyotokea kwangu, ambayo mara ya kwanza niliiandika vibaya ikanirudia.

Wengi mnaijua habari. Kijana wangu mmoja, mwanagenzi wa mwaka wa pili, alikuwa anapasua mbao ya mbambakofi kwa msumeno wa duara wa meza. Mbao ikamrudi. Alikatika ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na kidole cha kati kikachanika. Hapa mtaani pamesemwa mengi, hata kwamba alikuwa akiangalia simu. Simu yake ilikuwa chaji dukani kwa jirani. Hilo naliweka sawa kwanza.

Siku ya tatu nilikaa na kalamu nikaandika hivi: "Kijana alikuwa akikata mbao, akazembea, mbao ikateleza, akajikata vidole. Alipelekwa hospitali." Basi. Nikaona nimemaliza, tena nikaona nimeandika kiungwana kwa sababu sikumtukana. Nikampigia simu ofisa wa usalama na afya kazini kumuuliza niipeleke vipi. Akaniambia nimsomee. Niliposoma akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza mambo matatu. Kinga ya msumeno ilikuwa wapi? Nani alimfundisha huyo kijana, na alimfundisha nini? Na dakika zile za mwanzo mlifanya nini? Ripoti yangu haikuwa na jibu hata la swali moja. Nikarudi karakana na chaki, rula na tochi.

Nianze na mbao yenyewe, kwa sababu nilikuwa sijaitupa. Tafadhalini, siku ikitokea, msiitupe mbao na msiisogeze mashine. Zimeni umeme, kisha iacheni mashine kama ilivyo. Ile mbao ilikuwa na urefu wa mita moja na nusu kasoro, unene wa inchi mbili, na kijana alikuwa akiipasua ipate upana wa milimita 60 kwa fremu ya mlango. Niliigeuza upande wa chini. Pale msumeno ulipoishia pana alama kama upinde, imekwaruzwa kwa mshazari. Kuta mbili za mkato zimeungua, zimekuwa rangi ya kahawa. Alama hizo mbili zilinieleza karibu kila kitu.

Kuungua maana yake mbao ilikuwa imelibana jisu kabla haijaruka. Mbambakofi ina mvutano ndani yake, wala si yeye peke yake. Ukiipasua, nusu mbili huweza kufunguka au kufunga. Zikifunga, hulishika jisu kama koleo. Ule upinde nao unatoka nyuma ya jisu. Meno ya mbele, yale yanayokuelekea wewe unayesukuma, yanashuka, hivyo huikandamiza mbao mezani. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikigusana nayo, huinyanyua na kuirusha kuja kwako. Kibandiko cha mota yangu kinasema mizunguko 2850 kwa dakika, na jisu lina kipenyo cha milimita 250. Pigeni hesabu, ncha ya jino inakwenda zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Sisi hapa Lamu mwendo wetu ni wa punda na boti, hatuna gari la kulinganisha nalo, lakini mkienda Malindi kwa basi mtakumbuka.

Sasa, mbao ikirudi, mkono unaoisukuma haubaki ulipo. Kijana alikuwa ameuweka wa kushoto juu ya mbao, karibu na jisu, ili isiinuke. Mbao ilipochomoka chini ya kiganja, mkono ukaangukia mbele, jisu likausubiri. Kwa hiyo neno "akajikata" nililoliandika ni la uongo, ingawa sikukusudia uongo. Mbao iliondoka kwanza. Mkono ulifuata.

Kuna chuma chembamba kilichopinda ambacho hukaa nyuma ya jisu, ndani ya mkato, kuzizuia nusu mbili zisifunge. Sisi hukiita kisu cha nyuma, wengine hukiita ulimi. Kwenye mashine yangu, ile kofia inayofunika meno kwa juu imefungwa juu ya kisu hicho, kwa hiyo ukitoa kimoja umetoa vyote. Na vyote viwili vilikuwa rafuni, nyuma ya kopo la vanishi.

Nilijua viko pale. Mimi ndiye niliyevitoa, tulipokuwa tunachimba mifereji ya kuingizia paneli za milango ya nyumba moja ya Shela. Mfereji hautoboi mbao kwenda upande wa pili, kwa hiyo kisu kile kikiwapo mbao haipiti. Kukitoa kwa kazi ile hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba kazi ya mifereji iliisha na sisi tukaendelea kupasua mbao nzima hivyo hivyo.

Nilipoanza kuandika upya nilijaribiwa kuandika kwamba kinga ilitolewa "asubuhi ile". Nawaambieni kwa nini nisingeweza, hata kama ningetaka. Nilimulika tochi kwenye tundu za bolti zinazoshika kisu. Zilikuwa zimejaa vumbi la mbao lililoshikana na utomvu mpaka limekuwa gumu kama nta, na nyuzi za bolti zina kutu. Mtu yeyote anayejua karakana akiangalia pale ataona ni miezi, si masaa. Niliandika: karibu miezi mitatu. Mkikagua hali ya kinga msiandike "ipo" au "haipo" tu. Andikeni iko wapi, tangu lini, nani aliitoa na kwa kazi gani.

Kisha nikapima fensi, ile kingo ndefu ya mezani ambayo mbao huiegemea inapopita kwenye jisu. Hii fanyeni nyote, haichukui dakika tano. Chomoa plagi. Weka alama ya chaki kwenye jino moja. Lizungushe jisu kwa mkono mpaka jino hilo liwe mbele, pima kutoka fensi hadi kwenye jino. Lizungushe tena mpaka liwe nyuma, pima tena. Jino liwe lile lile, kwa sababu jisu lenyewe laweza kuwa limepinda kidogo. Kwangu mbele ilisoma 61, nyuma ikasoma 58. Yaani fensi ilikuwa imejikunja kuelekea jisu kwa milimita tatu, na kila mbao iliyopita ilikuwa inasukumwa kwenye meno yale yale yanayopanda. Tena jisu lilikuwa butu. Kwa hiyo sababu zilikuwa zimejipanga foleni: mbao yenye mvutano, jisu butu, fensi iliyokunjika, na kile chuma ambacho kingeweza kuuweka mkato wazi kiko rafuni. Hapo uzembe wa kijana nauandika wapi?

Niligeuka nyuma nikaangalia ukuta. Karakana yangu ni nyumba ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa. Nyuma ya anaposimama mkataji, usawa wa kiuno, pana shimo kwenye lipu lenye ukubwa wa ngumi. Lilitokea wiki kadhaa kabla. Kipande kiliruka, kikampita mtu, kikachomeka ukutani. Tulicheka. Mmoja wetu alisema leo ukuta umekula mbao. Hakuna aliyeandika kitu. Nimeliweka shimo hilo kwenye ripoti ya pili.

Nije kwenye mafunzo. Hapa nilikuwa na uhakika kabisa kwamba sina kosa, kwa sababu kijana nilimfundisha mwenyewe. Nilikwenda kumtazama hospitali nikamuuliza. Mwanzoni niliuliza vibaya, nilisema, "Mbona hukuangalia?" Akainamisha kichwa akasema, "Nisamehe, mwalimu." Ukiuliza hivyo hupati ripoti, unapata msamaha. Nikabadilisha. Nikamuuliza alisimama wapi, alisikia nini, mikono ilikuwa wapi.

Akaniambia alisimama nyuma ya mbao moja kwa moja, kwa sababu hapo ndipo anaona mstari vizuri. Alisikia sauti ya mota ikiwa nzito, akasikia harufu ya kuungua. Nikamuuliza, ukafanya nini? Akasema, "Nilisukuma zaidi, nilidhani mbao ni ngumu." Sauti ikishuka na harufu ikija, mbao imeshabana, unachotakiwa ni kuishikilia pale pale bila kuisukuma wala kuivuta, na mashine izimwe. Hakuwahi kuambiwa. Nikamuuliza kile chuma cha nyuma ya jisu ni cha nini. Akasema, "Si cha kuzuia vumbi?"

Nilikaa kimya. Mimi nilikuwa nimemfundisha kuwasha na kuzima, na jinsi ya kusoma rula ya fensi, alasiri moja. Mengine alijifunza kwa kumtazama mwenzake, na mwenzake alijifunza kwenye mashine ambayo kofia iko rafuni. Kijiti cha kusukumia tulikuwa nacho, kimetundikwa, kizuri, hakina hata alama ya meno. Kijiti kisicho na mikwaruzo hakijatumika. Kijiti kiwe kama sentimita 45, na mbao ikibaki kama sentimita 30 za mwisho mikono iondoke, kisukume kijiti. Kwa hiyo kwenye sehemu ya mafunzo niliandika alichoonyeshwa, siku iliyoonyeshwa, na ambacho hakuonyeshwa. Nchi hii ina kanuni za mashine za mbao tangu 1959, zikidai kisu cha nyuma na kofia, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri asimweke mtu kwenye mashine kabla hajaelezwa hatari zake na kufundishwa vya kutosha. Kusema "alikuwa akijua" hakutoshi.

Swali la tatu ndilo lililonisumbua zaidi, huduma ya kwanza. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Nitawasimulia tulivyofanya, mema na mabaya, kama nilivyoandika.

Jema la kwanza, fundi mmoja alizima mashine kwenye swichi ya ukutani kabla hajamgusa mtu. Jisu linaendelea kuzunguka hata baada ya kuzimwa, na watu wote wanakimbilia pale pale. Jema la pili, akachukua kanga safi ya mpishi wetu, akaukandamiza mkono kwa nguvu na kuuinua juu ya kifua. Damu ya vidole hukubali kukandamizwa. Dakika kumi bila kufunua. Kilichokuwa kibaya, mwingine alikuja na mpira wa tairi akataka kufunga kifundo cha mkono ule. Mpira wa kukaza ni wa damu inayomwagika bila kukoma ambayo mkandamizo umeshindwa kuizuia, na ukifungwa lazima saa iandikwe. Mwingine akaja na kahawa ya unga. Nashukuru alizuiwa. Wazee walitia kahawa, walitia majivu, najua, nami nilitiwa utotoni. Daktari hukaa nusu saa akiiosha kabla hajaona kidonda.

Kipande cha kidole tulikitafuta kwenye vumbi la mbao, tukakipata. Kijana mmoja akakimbia gatini akaleta barafu ya samaki, tukakitumbukiza ndani ya barafu moja kwa moja. Tulifurahi tumefanya jambo la kitaalamu. Tulikiharibu. Nyama ikigusana na barafu inaganda na kufa. Inavyotakiwa ni kukisuuza taratibu kwa maji safi, kukizungushia kitambaa safi chenye unyevu, kukitia kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji na kuufunga, kisha mfuko huo ndio ukae kwenye maji yenye barafu. Kuunganisha kidole ni upasuaji wa mabingwa, haufanyiki kila hospitali, na ncha ya kidole mara nyingi hufungwa tu. Lakini uamuzi huo ni wa daktari, si wetu sisi wenye barafu ya changu na tewa.

Kosa jingine ni chai. Kijana alikuwa anatetemeka, mama mmoja kwa huruma akampa chai ya maziwa na mahamri. Daktari alipotaka kumlaza usingizi ikabidi asubiri masaa, kwa sababu tumbo la mtu anayelazwa usingizi linatakiwa liwe tupu. Mlazeni, mfunikeni, msimpe kitu. Na pete kama anayo ivuliwe mapema kabla vidole havijavimba.

La mwisho hapa ndilo ambalo ningeomba mliweke akilini, maana sote tulilikosa. Tulimsukuma kwa mkokoteni mpaka hospitali, macho yetu yote kwenye mkono. Kufika, tabibu akamfunua shati. Tumboni, chini kidogo ya mbavu, pana mstari wa mbao, mwekundu, upana wa vidole vitatu. Ile mbao iliporuka ilimpiga kwanza, kisha ikaenda. Kijana hakusema, kwa sababu mkono ulikuwa unauma zaidi. Walimlaza usiku ule wakimpima presha na kumbonyeza tumbo, wakihofia damu inayovuja ndani. Alhamdulillahi haikuwapo. Mbao ikirudi, msiangalie vidole tu. Mwambieni anayempokea kwamba alipigwa na mbao tumboni, ili asilazimike kugundua mwenyewe. Na sindano ya pepopunda waulizeni.

Ripoti ya pili, sehemu ya tukio, ikawa hivi: "Saa 4:15 asubuhi mwanagenzi alikuwa akipasua mbambakofi ya unene wa inchi mbili kwenye msumeno wa meza wa milimita 250. Kisu cha nyuma na kofia havikuwapo kwenye mashine. Nilivitoa mimi yapata miezi mitatu kabla kwa kazi ya mifereji, sikuvirudisha. Fensi imepimwa ikiwa imeingia ndani milimita 3 upande wa nyuma. Jisu lilikuwa butu. Mbao ililibana jisu, ikarushwa nyuma, ikampiga tumboni. Mkono wake wa kushoto ukavutwa kwenye jisu. Kijiti hakikutumika. Hajafundishwa kazi ya kisu cha nyuma wala la kufanya mbao ikibana. Kipande kiliwahi kuruka kabla, hakikuripotiwa. Alama iko ukutani."

Fomu yenyewe ya kuripoti ajali kazini inaitwa DOSH/WIBA 1. Mwajiri ana sehemu yake, daktari ana yake. Inatakiwa ifike kwa ofisa wa eneo ndani ya siku 7 kwa jeraha. Mtu akifariki, ofisa aarifiwe ndani ya saa 24, na maandishi yafuate ndani ya siku 7. Kuna mtu aliniambia mwanagenzi hahesabiwi, kwamba si mwajiriwa. Anahesabiwa, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaja mwanagenzi kwa jina. Na kuna mwingine, simtaji, amekaa hapa mbele, aliniambia nikiandika makosa yangu nitalipa zaidi, bora niandike uzembe. Uzembe wa kawaida hauondoi haki ya kijana ya kutibiwa na kulipwa siku zake alizokaa nyumbani. Kinachoweza kuiondoa ni utovu wa makusudi, na hata huo hauiondoi pale mtu anapopata ulemavu mkubwa au kufa. Kwa hiyo ule uzembe wangu wa kubuni usingeniokoa hata senti. Ungenificha tu mimi mwenyewe fensi yenye milimita tatu.

Kijana amerudi. Patasi anaishika kwa namna yake, anaipumzisha kwenye kidole cha kati, na maua ya mlango anayachonga polepole. Mashine ina kisu kipya. Msije mkakata chuma chochote mkakitia pale. Unene wake uwe zaidi ya bamba la jisu na pungufu ya upana wa mkato wa meno. Bamba langu ni milimita 1.8, mkato 2.8, kisu nimekitafuta cha 2.3. Kikizidi mkato mbao itakwama, kikiwa chembamba kuliko bamba hakizuii kitu. Na kisiwe mbali na meno ya nyuma zaidi ya milimita 8. Kazi ya mifereji sasa tunaifanya kwa mashine nyingine, ili kisiwe na sababu ya kwenda rafuni.

Shimo la ukutani mke wangu ameniambia nilizibe, wageni wanaliona. Sijaliziba. Chaki na rula viko kwangu, anayetaka kupima fensi yake kesho baada ya alasiri apite avichukue, ila chaki irudi.